Vigae vilivyopangwa juu ya gunia havisemi vilitoka wapi

Swali: Mtaalamu, salaam. Baada ya trekta kulima shamba langu na mvua kunyesha, nimeokota vigae 31 vya vyungu na mawe mawili ya kusagia. Picha nimekutumia. Je, hapa palikuwa na makazi ya watu wa kale? Jirani yangu ana mashine ya kutafutia chuma, imelia sehemu mbili, naye anasisitiza tuchimbe kabla mahindi hayajapandwa.

Jibu: Ndugu, picha zako ni nzuri mno, na hilo ndilo linaloniudhi. Vigae vimeoshwa, vimepangwa kwa ukubwa juu ya gunia, na mawe yamekaa pembeni. Picha za namna hii naletewa kila msimu wa kulima. Mtu huokota kila kitu, husafisha, hupanga vizuri, kisha huniuliza kama palikuwa na kijiji. Jibu lilikuwa palepale ardhini, katika namna vitu vilivyokaa, na yeye ameshalifuta.

Tuanze na yale ambayo gunia bado linaweza kusema. Vigae 31 vinasikika vingi, lakini chungu kimoja kikubwa kikivunjika chini ya plau kinaweza kutoa hivyo na zaidi. Kwa hiyo mimi sihesabu vigae, nahesabu midomo ya vyungu. Kwenye picha yako naona vipande vinne vya midomo. Vitatu vina unene uleule, mkunjo uleule na mstari mmoja uliochorwa chini ya ukingo, kwa hiyo inaelekea ni vya chungu kimoja. Cha nne ni chembamba na kimepinda kwa nje, hicho ni chombo kingine. Vigae tisa vina kingo zenye rangi mbichi, nyepesi kuliko uso wa kigae: vimevunjwa na trekta juzi tu. Jaribu kuviunganisha, utaona vingine vinashikana. Basi ushahidi ulio nao ni wa vyungu viwili, labda vitatu. Hilo peke yake halifanyi makazi. Hata mtu aliyejikwaa njiani akitoka kuchota maji huacha vigae.

Mawe yana uzito zaidi katika hoja, na si kwa sababu ni mazito tu. Jiwe la chini lina bonde upande mmoja, na ndani ya bonde naona vitobo vidogo vidogo. Hivyo ni alama za kuligonga ili likwaruze tena baada ya kulainika. Jiwe lililolainishwa na mto huwa laini pande zote na halina vitobo hivyo, kwa hiyo hilo lako ni la kusagia kweli. Watu huwa hawasafiri na jiwe la namna hiyo, huliacha wanapoishi. Tatizo ni kwamba wanaokuja baadaye hulihamisha: hulitia kwenye mpaka wa shamba, kwenye msingi wa ukuta, au kwenye rundo la mawe yaliyotolewa njiani mwa jembe. Uliyaokota wapi? Kama ni katikati ya shamba karibu na vigae, ni habari moja. Kama ni ukingoni penye mawe mengine, ni habari nyingine kabisa. Na tafadhali usiyasugue kwa brashi. Kwenye vitobo vile huweza kubaki chembe za wanga za nafaka iliyosagwa, na maabara inaweza kuzisoma.

Sasa fanya hivi. Plau hugeuza udongo wa juu, mara nyingi sentimita 20 hadi 30, na huvuta vitu kidogo kufuata mwelekeo wake, lakini haivichanganyi shamba zima. Bado vipo ambavyo hukuviona. Subiri mvua nyingine ioshe udongo, kisha tembea kwa mistari iliyonyooka, ukiacha hatua kumi kati ya mstari na mstari. Kila baada ya hatua kumi chomeka kijiti, funga kamba ya mita moja na nusu, zunguka nayo, hesabu vigae vilivyomo ndani ya duara, andika namba, viache palepale. Ukikuta sifuri, andika sifuri. Hiyo sifuri watu huiruka, na bila hiyo namba nyingine hazina maana.

Chukulia mstari wako mmoja ukisoma 0, 1, 0, 6, 13, 9, 2, 0. Hapo kuna kiini: vitu vimejaa mahali pamoja na kupungua pande zote. Ukisoma 1, 2, 1, 1, 2, 1 shamba zima, mara nyingi hizo ni taka za nyumbani zilizotupwa pamoja na samadi, na makazi yenyewe yako kwingine. Kama namba zinapanda kuelekea bondeni, na vigae vya huko ni vidogo vyenye kingo zilizolainika, maji ndiyo yaliyovileta. Panda mlima ukatafute vilikotoka.

Kwenye kiini ndipo utazame vitu vinavyoandamana na maisha ya kila siku: vyungu vyenye masizi ya moto, midomo ya namna nyingi, mifupa, udongo wenye majivu, na mavi ya chuma, yaani makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa. Ninachokipenda kuliko vyote ni donge la udongo ulioungua lenye alama za fito. Huo ni ukuta wa nyumba uliokandikwa, kisha ukashika moto. Donge moja la hivyo likiwa katikati ya kiini lina nguvu kuliko gunia zima la vigae.

Kuhusu umri, sura ya kigae isikudanganye. Chungu cha mkono kilichofinyangwa miaka 60 iliyopita na kilicholala ardhini miaka 600 vinaweza kufanana sana kwa jicho la kawaida. Nakshi na umbo hulinganishwa na vyungu vya eneo husika ambavyo umri wake umeshajulikana. Kipimo cha kaboni hakipimi jiwe, wala udongo wa chungu wenyewe kwa urahisi. Kinapima mkaa, mifupa, au masizi yaliyoganda kwenye chungu. Ndiyo maana vigae ulivyoosha vimepoteza zaidi ya vumbi.

Na sasa mashine ya jirani, maana huwa inakuja na swali hili kama mkia. Mashine ile haitafuti makazi, wala haijui kale na leo. Italia kwa msumari, kwa kipande cha plau, hata kwa mawe yenye madini ya chuma. Udongo uliochomwa sana nao huweza kuifanya ilie, na hapo ndipo ninapokosa uvumilivu. Nimewahi kuitwa kwenye shamba ambako wachimbaji wa hazina walifuata mlio hadi kina cha magoti. Hawakupata hata kipande cha bati. Chini ya shimo lao palikuwa na mawe matatu ya jiko, udongo mwekundu ulioungua, na mkaa waliokwisha kuutupa juu ukachanganyika na majani. Walikuwa wamepiga jembe juu ya kitu pekee shambani ambacho kingeweza kutupa tarehe.

Kwa hiyo msichimbe. Nchi nyingi zinadai kibali kwa uchimbaji wa namna hiyo, na shimo likishachanganya tabaka hakuna wa kuzirudisha. Weka vigae vyako kwenye mfuko mmoja, mawe kando, na uandike leo, kabla hujasahau, kila kimoja unachokumbuka ulikiokotea upande gani wa shamba. Ukimaliza kutembea, peleka ramani yako ya namba, pamoja na zile sifuri, kwa makumbusho au ofisi ya mambo ya kale. Picha za gunia unaweza kuziacha nyumbani.