Bega linalochomoka kila mara

Swali: Daktari, nina miaka 19, ni kipa wa timu ya mtaa hapa Tukuyu. Bega la kulia limechomoka mara ya tatu. Kuna mzee hunikanyaga kwapani, anavuta, linarudi. Je, kuna mafuta ya kuchua yanayokaza mishipa lisitoke tena?

Jibu: Mdogo wangu, mafuta hayafiki kulikoharibika. Bakuli la bega halina kina, na ukingo wake umezungukwa na gegedu linalosaidia kuzuia kichwa cha mfupa kisitoke. Siku ile ya kwanza gegedu hilo lilibanduka kwa mbele, na kwa vijana mara nyingi halishiki tena vizuri. Kila bega linapotoka, kichwa cha mfupa hujigonga kwenye ukingo na kubonyea kwa nyuma. Wanaochomoka bega kabla ya miaka 20 na kurudi uwanjani, wengi hurudiwa, hata wakining'iniza mkono kwa wiki nyingi.

Kinachoniudhi ni huo mguu kwapani. Sisi hupiga eksirei kwanza, maana ukivuta bega ambalo shingo ya mfupa imevunjika, unaweza kuvitenganisha vipande. Kisha nachoma ganzi ndani ya kiungo. Mgonjwa analala chali, kiwiko kimegusa ubavu na kukunjwa pembe mraba, nami naufungua mkono kwenda nje taratibu. Misuli ikikaza nasimama hapohapo, ikilegea naendelea. Ndani ya dakika 5 hadi 10 bega mara nyingi huingia, na hakuna aliyevuta. Baadaye napiga eksirei nyingine.

Kabla na baada, napapasa ngozi ya nje ya bega, pale panapochomwa chanjo, nikilinganisha na upande wa pili. Pakifa ganzi, neva inayozunguka shingo ya mfupa imeumia. Napima pia mapigo kwenye kifundo cha mkono. Nilimpokea kijana kutoka Makambako, bega limesharudishwa uwanjani, anasema amepona. Pale pa chanjo hakuhisi kidole changu, na mkono haukunyanyuka pembeni. Aliumizwa na anguko au na waliomvuta? Hatutajua, kwa sababu hakuna aliyemgusa ngozi kabla ya kumvuta.

Wewe muone daktari wa mifupa, Mbeya si mbali. Apime kwa picha ukingo wa bakuli umelika kiasi gani. Kama mfupa bado upo, gegedu hushonwa. Ukiwa umelika sana, kushona peke yake hakutoshi. Hadi hapo, usidake.

Nanyi makocha, bega likitoka msivute. Fungeni mkono kifuani kwa kanga, katika mkao usiomwumiza, mchezaji asile wala asinywe, apelekwe hospitali. Shabiki wa miaka 60 akiteleza jukwaani, hofu ni kubwa zaidi: mishipa yake ya damu imekakamaa na huchanika kwa kuvutwa. Vidole vikipoa au kupauka, tafuteni gari wakati huohuo.