Rangi haikai kwenye stendi za paani, na bomba linatoboka: tufanye nini?

Swali: "Jengo letu la ghorofa 6 liko Nyali, karibu na bahari. Paani kuna viyoyozi, hita za sola na mabomba ya chuma yaliyochovywa zinki. Stendi za viyoyozi zilishika kutu ndani ya miaka 2, tumezipaka rangi mara mbili na imebambuka. Bomba nalo limetoboka pale linapopokea maji ya hita kutoka bomba la kopa. Tutumie rangi gani?"

Jibu: Tuanze na bomba, maana hapo rangi haina kazi. Maji yanayopita kwenye kopa, hasa yakiwa moto, huchukua kopa kidogo sana iliyoyeyuka. Yakifika kwenye zinki, kopa hiyo hutua ukutani mwa bomba, na kila doa linakuwa betri ndogo inayokula zinki iliyo kando yake, kisha chuma. Kata kipande kilichotoboka ukipasue kwa urefu: ukikuta vishimo vilivyochimbwa kutoka ndani huku nje zinki ikiwa bado nzima, sababu ni hiyo.

Mafundi wengi hufunga yunioni yenye plastiki kati ya vyuma viwili. Inasaidia pale kwenye kiungo, lakini haizuii kopa iliyomo majini. Kinachofaa ni mpangilio: maji yapite kwenye zinki kwanza, kopa baadaye, yasirudi nyuma. Kwa kuwa kwenu hita ndiyo inayotangulia, ondoeni bomba zote za zinki kuanzia hita kwenda mbele. Mita ya kwanza au mbili iwe kopa, kwa sababu sola isiyotumiwa mchana kutwa inaweza kutoa maji moto kupita kiasi kwa plastiki. Baada ya hapo plastiki ya PPR ya maji moto inatosha, ila ifunikwe, jua huila. Angalieni pia valvu ya usalama ya hita: isidondokee mabati wala stendi, maana maji yake yana kopa ileile.

Sasa stendi. Miaka 2 inanifanya nishuku zinki iliyopakwa kwa umeme, ile nyembamba inayong'aa, ambayo mara nyingi ni mikroni 5 hadi 12, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Katika hewa kali ya chumvi, daraja la C5 katika ISO 9223, zinki hupungua mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Fanya hesabu: mikroni 10 haivuki miaka miwili na nusu, na inaweza kuisha kabla ya miaka miwili. Chuma cha pembe cha unene wa mm 5 kikichovywa kwenye zinki ya moto kwa kiwango cha ISO 1461 hupata wastani wa mikroni 70, yaani takriban miaka 8 hadi 16 katika hewa hiyohiyo. Agizeni stendi zikatwe, zitobolewe na kuchomelewa kwanza, ndipo zichovywe. Tundu lililotobolewa baadaye ni mlango wa kutu.

Rangi kubambuka kwaweza kuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni chumvi iliyobaki chini: msasa hauiondoi, huisugulia kwenye vishimo vya kutu. Osheni kwa maji baridi safi kabla ya kusugua na tena baada yake, kisha acheni ikauke. Ya pili, kama mlipaka rangi ya mafuta juu ya zinki, mafuta yake hugeuka sabuni na rangi huachia. Tumieni epoksi ya kushikia zinki, kisha poliurethani juu, kwa sababu epoksi peke yake hugeuka unga juani. Chuma kitupu kilichopulizwa mchanga hadi daraja la usafi la Sa 2½ kinahitaji praima ya epoksi yenye zinki nyingi, epoksi ya kati na poliurethani, jumla ya mikroni 260 hivi. Fundi apime kwa kipimo cha unene, hasa kingoni ambako rangi hukimbia.

Bolti: za stenlesi 316 kwenye stendi yenye zinki zinakubalika, kwa kuwa bolti ni ndogo na eneo la zinki ni kubwa. Kinyume chake ni hatari, bolti ya zinki kwenye bamba la stenlesi au kopa huisha upesi. Wekeni washa za nailoni na mkono wa plastiki ndani ya tundu, lakini waya wa athi wa kiyoyozi ubaki umefungwa. Na pale vyuma viwili vinapogusana, pakeni vyote viwili. Ukipaka zinki tu na kuacha stenlesi wazi, kasoro ndogo ya rangi hubeba mzigo wote na kutoboka haraka.

Koili za viyoyozi zina shida ya jozi hiyohiyo: mapezi ya alumini juu ya bomba za kopa. Unga mweupe shingoni mwa bomba ni dalili. Kupulizia rangi koili iliyokwisha kuanza kuliwa ni kupoteza fedha. Izimeni, muioshe kwa hosi ya shinikizo dogo kila mwezi, na mara moja kila wiki mbili wakati wa kusi. Mnaponunua nyingine, ulizeni epoksi iliyopakwa kiwandani kwa umeme. Mapezi kuwa na rangi ya buluu peke yake si hakikisho.