Maswali ya wanaoanza: picha ya kanga yako ukiipa akili mnemba, utapata nini

Asalaam alaykum. Nyinyi mnaoanza kazi za matangazo hapa Unguja masuali yenu yanafanana, kwa hivo nayajibu kwa kazi moja niliyoifanya mwenyewe, ya dada mmoja anauza kanga Darajani, alitaka picha ya kanga yake imetandikwa ufukweni.

Suali: Picha napakia inakataa, kwa nini?
Mara nyingi ni faili tu. Aifoni inapiga HEIC na programu nyingi zinataka JPG au PNG. Ingia Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible, picha utakazopiga baadae zitakuwa JPG. Bado ikikataa tizama nani yumo ndani, maana picha za watoto au watu maarufu huzuiwa sana. Na hata ikikubali, mtu muombe ruhusa kwanza.

Suali: Picha ya Wasap inafaa?
Itapokelewa lakini imeshabanwa. Yule dada alinitumia hivo hivo, nilipoikuza jina la kanga lishakuwa ukungu, nikamwambia anirushie upya kama Document ikaja nzima. Bora apige mchana kivulini, kanga imetandazwa haina mikunjo, simu iwe sawa juu yake, pindo lionekane pande zote, na asiwashe flashi.

Suali: Nitapata kanga ile ile?
Hapana, na hapa ndipo wengi mnapovunjika moyo. Programu haiibandiki picha yako, inaisoma halafu inachora upya. Stable Diffusion kwa mfano, programu mojawapo ya kuchora picha, inaibana picha mara 8 kila upande kabla haijaanza kuchora, yaani pikseli 1024 kwa 1024 inakuwa 128 kwa 128, sasa herufi ndogo za jina zitabaki wapi? Mimi rangi zilikuja sawa, maua ya mji yalikaribia, jina likawa herufi hazisomeki kabisa. Na kanga bila jina lake mteja ataijuaje?

Suali: Nikishusha Denoising strength je?
Hicho ni kipimo cha picha yako ibadilishwe kiasi gani. Nilijaribu. Kwenye 0.3 kanga ilibaki karibu na yenyewe lakini sakafu ya duka nayo ikabaki, kwenye 0.7 ufukwe ulikuja mzuri na kanga ikawa nyengine. Hapo katikati nilipoteza jioni nzima, usiifate njia hiyo.

Kilichofaa ni Inpaint, yaani kuchora upya sehemu moja tu ya picha. Nikapaka brashi juu ya kanga yote, nikachagua Inpaint not masked ili ichore nje tu, nikaandika nataka mchanga mweupe na jua la asubuhi. Baada ya hapo nikaikata kanga kutoka picha ya asili nikaibandika juu pale pale, nikakuza nikasoma jina herufi kwa herufi. Likasomeka.

Kilichobaki ni kivuli, picha ilipigwa kivulini na ufukwe una jua, kanga ikaonekana inaelea, ikabidi nitie kivuli chembamba ukingoni kwa mkono.