Imeili yako ya madai ikitafutwa, inaonekana?

Swali la wiki: "Ukidai hela ofisini kwa imeili, unaandikaje mpaka wakujibu?"

Mi nina duka la steshenari hapa Mtwara, Shangani. Mwaka fulani nilipeleka mabuku na kalamu za semina Newala, mzigo wa sh. 1,840,000, kwa ofisi moja (jina nalihifadhi). Nikatuma imeili, kichwa nikaandika "Malipo" basi, chini "habari za kazi, naomba malipo yangu", nikabandika picha nne za simu, IMG hizo. Wiki saba kimya. Kila nikikumbuka natuma nyingine mpya.

Siku nikapanda daladala nikaenda mwenyewe, mhasibu akaniambia dada kaa hapa tuitafute wote. Akaandika namba ya LPO kwenye kile kisanduku cha kutafutia, haikuja kitu! Namba ilikuwepo lakini ndani ya picha, na kwake kompyuta ilikuwa inasoma maandishi tu, picha haioni kitu. Halafu zile imeili zangu tatu zimekaa kila moja kivyake, hakuna anayejua ni deni moja au matatu.

Tangu hapo kichwa changu kiko hivi:

```
MALIPO: LPO 0417, Ankara 023, Sh. 1,840,000
```

LPO inatangulia kwa sababu ndo namba yao, wanatafuta kwa hiyo, ya ankara ni yangu mimi (na usiirudie, mi niliwahi kuwa na ankara mbili zote 01, aibu). Kwenye barua za karatasi tunaandika Kumb. Na. na YAH: lakini kwenye imeili namba zikae juu kabisa, na zirudiwe kwenye mstari wa kwanza. Viambatanisho navipiga skani viwe PDF moja: ankara, LPO, dilivari noti yenye sahihi ya aliyepokea, risiti ya EFD kama wanaitaka kwanza. Jina la faili nalo ni LPO0417_Ankara023.

Kukumbushia sasa. LPO ilisema siku 30 tangu wapokee ankara, kwa hiyo siku ya tatu ya kazi nauliza tu imefika? Siku ya 25 nauliza kama kuna kinachopungua, maana ukisubiri ya 31 ndo wakwambie karatasi haijakamilika, foleni unaanza upya. Zote najibu humohumo kwenye imeili ya kwanza, kichwa sikigusi, ukikibadilisha Gmail inakufungulia mazungumzo mapya. Ila ukibonyeza jibu faili haliendi nalo, lazima ulibandike tena, hapo wengi tunasahau.

Oda iliyofuata siku ya 25 wakajibu mchana uleule: dilivari noti haina sahihi. Nikaifuata Newala kesho yake, hela ikaingia siku ya 33.