Limfosaiti zilizochokozwa na virusi na seli changa za lukemia: tazama kundi zima

Katika mwaka wangu wa kwanza kwenye maabara moja hapa Kisumu, niliona kwenye slaidi seli tatu kubwa zenye vijiini vinavyoonekana, nikaandika kwamba kuna seli changa za saratani ya damu. Mgonjwa alikuwa kijana wa miaka 16 mwenye homa, maumivu ya koo na tezi zilizovimba shingoni. Mama yake alikaa siku mbili akiamini mwanawe ana lukemia, hadi msimamizi wangu alipoisoma slaidi upya akaniita kando ya hadubini.

Kosa la kwanza lilikuwa mahali nilipotazama. Nilikuwa kwenye ncha ya utando wa damu uliopakwa kwenye slaidi, ambako seli hubanwa zikatandazika na vijiini vikajitokeza kuliko kawaida. Tuliirudisha slaidi mahali ambapo seli nyekundu zinagusana kidogo tu bila kulaliana, na seli zilezile zikawa na sura nyingine. Saitoplazimu yake ilikuwa pana, ya samawati hafifu, ikijipinda kuzifuata seli nyekundu zilizo jirani na kukolea rangi pale zinapogusana. Kromatini ilikuwa na mabonge, wala haikuwa laini. Seli changa ya lukemia kwa kawaida hujazwa na kiini, hubakiwa na ukingo mwembamba wa saitoplazimu, na kromatini yake ni laini iliyosambaa sawasawa. Kijiini peke yake hakiamui lolote, kwa sababu limfosaiti iliyochokozwa na virusi inaweza kuwa nacho pia.

Kisha msimamizi alinihesabisha seli nyeupe 200, na hapa ndipo ninapowaomba mkae sana. Limfosaiti zilikuwa 128, na 46 kati yake zilikuwa zimechokozwa: nyingine kubwa, nyingine za wastani, nyingine zenye kiini kilichobonyea, hata ikawa shida kupata mbili zinazofanana. Seli za lukemia hutoka katika ukoo mmoja, kwa hiyo mara nyingi hufanana mno.

Hemoglobini ya kijana ilikuwa 12.8, na chembe sahani na neutrofili hazikuwa zimepungua, ilhali lukemia ikijaza uboho kwa kawaida vipimo hivyo hushuka. Kwetu huku, hata hivyo, malaria nayo hushusha hemoglobini na chembe sahani, kwa hiyo tafuteni vimelea kabla ya kuzitafsiri namba hizo. Damu iliyolala kwenye chupa usiku kucha nayo huharibu umbo la seli. Ombeni sampuli mpya.

Zipo slaidi ambazo macho hayawezi kuziamua. Mkikuta seli zinazofanana, kromatini laini na damu iliyopungua, elezeni mlichoona bila kutaja ugonjwa, mpelekeeni msimamizi slaidi, na daktari apigiwe simu siku hiyohiyo. Kijana yule alipimwa tena baada ya wiki tatu, na kati ya seli 200 tulipata nne tu zilizochokozwa.