Kadi ya gigabaiti 4: dawa ya picha nyeusi inapozaa ugonjwa mwingine

*Fundi, shikamoo. Nina kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye kadi ya GTX 1650 ya gigabaiti 4, na nimeweka Stable Diffusion 1.5 kwenye programu ya AUTOMATIC1111. Natengenezea wateja vipeperushi vya harusi na maduka hapa Kondele. Mwanzoni picha zote zilitoka nyeusi tii. Nikaambiwa niongeze `--precision full --no-half`, weusi ukaisha, lakini sasa hatua moja inachukua karibu dakika nzima, na picha ya 512 kwa 768 ikifika 100% inakwama kisha inaandika `CUDA out of memory`. Je, nibadilishe kadi? — Msomaji, Kisumu*

Marahaba, ndugu. Usinunue kadi bado. Toa kwanza hayo maneno mawili uliyoambiwa uongeze, kwa sababu ndiyo yanayokukwamisha sasa. Yalitibu weusi kweli, lakini kwa gharama ambayo kadi yako haiimudu.

Weusi ulitoka wapi? Modeli hizi kwa kawaida huhesabu kwa namba za biti 16, kwa kuwa zinabana nafasi na zinakwenda haraka. Kadi za familia ya GTX 16, yaani 1650, 1660 na ndugu zao, zina tatizo linalojulikana: baadhi ya hesabu za biti 16 hutoa jibu ambalo si namba, `NaN`. Jibu hilo likiingia mahali pamoja, hatua inayofuata inalizidisha na kila kitu, na mwishowe picha nzima ni giza. Matoleo mapya ya programu hayakupi tena picha nyeusi. Yanakatiza kazi na kukuonyesha `NansException`, yakitaja kama kosa limetokea kwenye Unet, sehemu inayochora picha, au kwenye VAE, sehemu inayoifungua mwishoni. Ukiona ujumbe huo, soma hadi hapo panapotajwa sehemu, kwani dawa zinatofautiana.

`--no-half` inalazimisha modeli nzima ikae kwa biti 32. Sasa piga hesabu. UNet, moyo wa Stable Diffusion 1.5, ina namba zipatazo milioni 860. Kwa biti 16 kila namba ni baiti 2, jumla megabaiti 1,720. Kwa biti 32 ni baiti 4, jumla 3,440. Kadi yako ina megabaiti 4,096, na kabla hujafungua chochote Windows, skrini na kivinjari vimeshachukua mia kadhaa. Kinachobaki ni ukingo mwembamba, na hapo bado hujaweka hata tone la kazi yenyewe, maana hesabu za katikati ya picha nazo zinataka mahali pa kukaa.

Pengine unajiuliza kwa nini basi haikukataa mara moja. Tangu mwaka 2023 madereva ya NVIDIA kwenye Windows yana tabia hii: kadi ikijaa, ziada inamwagwa kwenye kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta badala ya kazi kukatizwa papo hapo. Kazi inaendelea, lakini kila hatua data inasafiri kwenda na kurudi kupitia njia nyembamba kuliko kumbukumbu ya kadi yenyewe. Hiyo ndiyo dakika yako nzima.

Unaweza kuiona kwa macho. Fungua Task Manager, nenda Performance, bofya GPU. Chini kuna mistari miwili, `Dedicated GPU memory` na `Shared GPU memory`. Anza kutengeneza picha ukiitazama. Wa kwanza ukijaa na wa pili ukaanza kupanda, umemwaga. Angalia pia dirisha jeusi la amri: mwisho wa mstari wa maendeleo utaona kitu kama `1.60s/it`, yaani sekunde kwa kila hatua. Kadi hii ikiwa na nafasi ya kutosha, hatua moja ya 512 kwa 512 ni suala la sekunde moja au mbili. Ukiona `45s/it`, usilaumu uchakavu wa kadi.

Sasa fungua faili la `webui-user.bat` kwa Notepad, na mstari wa amri uwe hivi:

```
set COMMANDLINE_ARGS=--medvram --upcast-sampling --no-half-vae --opt-sdp-attention
```

`--upcast-sampling` ndiyo mbadala wa kile ulichopewa. Modeli inabaki kwa biti 16 ndani ya kadi, lakini baadhi ya hesabu za kusafisha picha hatua kwa hatua zinapandishwa hadi biti 32. Matokeo yanakaribiana sana na ya `--no-half`, kwa nafasi ndogo zaidi. Kumbuka tu kwamba haifanyi kazi ukiiweka pamoja na `--no-half`, ndiyo maana nimesema uondoe kwanza. Kuna watu wanazipanga zote kwenye mstari mmoja wakidhani dawa nyingi ni nafuu zaidi, kumbe moja inaizima nyingine.

`--medvram` inagawa modeli mafungu matatu: sehemu ya kusoma maneno yako, UNet, na VAE inayofungua picha mwishoni. Badala ya zote kukaa kwenye kadi kwa pamoja, zinapokezana, kama mpishi mwenye jiko moja anayeepua sufuria ya mboga ndipo abandike ya ugali. Unapoteza muda kidogo wa kuhamisha, lakini kila sehemu inapofanya kazi ina kadi karibu yote.

`--opt-sdp-attention` inahusu ukubwa wa picha. Ndani ya modeli picha haikai kwa pikseli zake kamili, imefinywa mara 8 kila upande. Picha yako ya 512 kwa 768 ni 64 kwa 96, yaani vipande 6,144, na kila kipande kinalinganishwa na kila kingine. Njia ya zamani iliandika jedwali lote la ulinganisho huo kwenye kumbukumbu. Ukiongeza vipande mara mbili, jedwali linakua mara nne. Njia hii mpya inaweza kufanya ulinganisho kwa mafungu bila kuhifadhi jedwali zima. Inahitaji PyTorch 2, ambayo matoleo ya karibuni ya programu huja nayo.

Tufike kwenye kile kifo cha 100%, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Ile asilimia inahesabu hatua za UNet tu. Zikiisha, VAE inaingia kuipanua picha iliyofinywa kurudi pikseli kamili, na kazi hiyo haionekani kwenye mstari wa maendeleo. Karibu na mwisho wake, kuna tabaka lenye chaneli 256 kwa ukubwa kamili wa picha. Kwa 512 kwa 768, hiyo ni namba zipatazo milioni 100, na kwa biti 32 ni megabaiti 400 kwa tabaka moja. Tabaka kadhaa za aina hiyo zinahitajika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ombi kubwa kuliko yote la nafasi linakuja dakika za lawama, wakati kwako UNet ya megabaiti 3,440 bado imekalia kadi.

Utasema: mbona basi nimekuandikia `--no-half-vae`, ambayo inaibakisha VAE kwa biti 32? Kwa sababu VAE nayo hutoa weusi kwenye kadi hizi, na yenyewe ni ndogo, namba zipatazo milioni 84 tu. Uzito wake uko kwenye tabaka za picha, na kwa kuwa `--medvram` imeshaitoa UNet njiani, zinapata pa kukaa.

Ikiwa hata hivyo inakufa mwishoni, jaribu kazi hiyohiyo kwenye ComfyUI, programu nyingine ya kuendesha modeli hizi. Yenyewe inazitambua kadi za GTX 16 na kuepuka hesabu za biti 16 bila wewe kuiambia. Nafasi ikiisha wakati wa kufungua picha, inarudia yenyewe kwa kuifungua vipande vipande, na kuna nodi ya `VAE Decode (Tiled)` ukitaka ifanye hivyo tangu mwanzo. Ukiangalia kwa makini anga tupu au ukuta mweupe kwenye picha iliyofunguliwa kwa vipande, mara chache utaona rangi imebadilika kidogo penye maungio. Kwa kipeperushi hakuna atakayeona.

Na `NansException` ikirudi ikitaja Unet hata baada ya mstari huu, basi rudisha `--precision full --no-half` ila badala ya `--medvram` uweke `--lowvram`, ambayo inaivunja UNet yenyewe vipande vidogo. Itafanya kazi, lakini polepole mno. Mteja wa haraka mwambie arudi kesho.

Kuna nafasi ya bure ambayo huenda hujaichukua. Kompyuta nyingi za ofisi za mtumba zinabeba 1650 kwa sababu matoleo mengi ya kadi hiyo hayahitaji waya wa stima wa ziada, yanaridhika na wati 75 za tundu lake. Ubao wa kompyuta hizo kwa kawaida una tundu lake la skrini pia. Kama prosesa yako ya Intel haina herufi F mwishoni mwa jina lake, ina michoro yake ya ndani: chomoa waya wa skrini kwenye kadi, uchomeke kwenye tundu la ubao, ukiwasha tena kadi inabaki na kazi moja tu. Ikigoma kuonyesha kitu, ingia BIOS uwashe michoro ya ndani. Halafu funga kivinjari chenye vichupo ishirini, ubakize kimoja cha programu.

Kuhusu vipeperushi vyenyewe, usiilazimishe kadi kuchora picha kubwa tangu mwanzo. Modeli hii ilifunzwa kwa picha za 512, na ukiipa eneo kubwa mno itakuletea bibi harusi mwenye vichwa viwili, kumbukumbu iwe ya kutosha au la. Chora 512 kwa 768, chagua iliyo nzuri, kisha uikuze mara 4 kwenye kichupo cha `Extras` kwa `R-ESRGAN 4x+`. Utapata 2048 kwa 3072. Karatasi ya A5 kwa nukta 300 kwa inchi inataka 1748 kwa 2480, kwa hiyo umevuka. Jina la duka na namba ya simu viandike baadaye kwenye Inkscape au chochote unachotumia, maana modeli hii ikiandika herufi hakuna lugha inayosomeka.

Kuhusu kubadilisha kadi, kuna jambo moja litakalokulazimisha, nalo ni kutamani SDXL, modeli kubwa zaidi ya familia hii. UNet yake ina namba bilioni 2.6, yaani gigabaiti 5.2 kwa biti 16, na hakuna mstari wa amri utakaoiingiza yote kwenye gigabaiti 4. ComfyUI inaweza kuihamisha kwa mafungu kutoka kumbukumbu ya kompyuta, lakini utarudi kwenye kungoja kulekule ulikonilalamikia. Siku ukifika huko tafuta yenye gigabaiti 8 au 12, na kabla hujalipa pima pawa saplai ya hiyo kompyuta ya ofisi, kwani nyingi hazina waya wa pini 6 au 8 ambao kadi hizo zinadai.