Hakuja au akaja? Kusafisha mahojiano yaliyoandikwa na programu

Swali: Nimemhoji fundi mstaafu, nikaipitisha rekodi kwenye programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Yaliyotoka hayana nukta wala mkato, maneno yamekatika ovyo, na kila mahali kuna "yani" na "unajua". Nikiyaacha hivyo hayasomeki. Nikiyasafisha, naona kama mzee hasemi tena yeye, nasema mimi. Nifute nini, niache nini?

Jibu: Kwanza tenganisha kazi mbili ambazo watu wengi huzifanya kwa mkupuo mmoja. Kuna makosa ya programu, yaani maneno ambayo mzee hakuyasema kabisa. Halafu kuna mwendo wa mazungumzo, yaani maneno aliyoyasema kweli lakini yanachosha yakiandikwa. La kwanza linasahihishwa kwa kusikiliza rekodi, la pili kwa kuhariri. Ukianza kuhariri kabla ya kusikiliza, utanyoosha sentensi ambayo haikuwahi kutamkwa.

Tuchukue kipande kama hiki. Mwulizaji ameuliza, "Kwa hiyo hukuizima?" Programu ikaandika jibu:

"eeh yani mimi kama mimi siku ile si kuizima mashine niliiacha maana unajua yule msimamizi alisema aliambiwa isizimwe sasa labda labda alikosea mimi sijui lakini nadhani ilikuwa kama saa nne hivi ikapiga kelele nika nikamwita akuja ilipofika saa tano ndo ika ikafuka moshi"

Anza na ukanushi, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kinapoweza kugeuka kichwa chini kwa herufi moja. "Si kuizima" ni "sikuizima" iliyokatwa vipande viwili, na jibu lilivyoendelea linathibitisha. Shida iko kwenye "akuja". Je, ni "hakuja" iliyopoteza h, au ni "akaja" iliyosikiwa vibaya? Katika toleo moja msimamizi aliitwa asitokee, katika jingine aliitwa akafika, na moshi ukafuka yeye akiwepo. Usiamue kwa kufuata hadithi inavyokwenda. Rudi kwenye rekodi, punguza kasi hadi 0.75, kisha sikiliza silabi ya pili kutoka mwisho, maana huko ndiko mkazo wa neno la Kiswahili unakoangukia. Ha-KU-ja, a-KA-ja: irabu inayotofautisha maneno haya mawili ndiyo hiyo hiyo yenye mkazo, kwa hiyo huwa inasikika hata pale h inapomezwa. Kitenzi kikirefuka, bahati hiyo inakwisha. Kwenye "hakuniambia" na "akaniambia" mkazo umehamia mbele, kwenye "-mbi-", na "ku" au "ka" hutamkwa haraka haraka. Hizo zisikilize zaidi ya mara moja, na kama bado husikii, usichapishe ulichokisia.

Tuseme umesikia "ku" waziwazi. Ni "hakuja".

Sasa nukta na mkato. Soma tena pale penye "labda alikosea mimi sijui lakini nadhani ilikuwa kama saa nne hivi". Ukiandika "Labda alikosea, mimi sijui. Lakini nadhani ilikuwa kama saa nne hivi", mzee hajui kama kosa lilitokea. Ukiandika "Labda alikosea. Mimi sijui, lakini nadhani ilikuwa kama saa nne hivi", asichokijua ni saa. Maneno ni yale yale, ushahidi ni tofauti. Sikiliza alipotua na sauti iliposhuka, uweke nukta hapo. Programu ikikuwekea alama yenyewe, ichukulie kuwa ni pendekezo tu. Na swali letu la ndiyo au hapana mara nyingi hutofautiana na kauli kwa mpando wa sauti peke yake, kwa hiyo "ulimwona" isiyo na alama inaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili.

Ndipo tufike kwenye kufuta. "Unajua" na "sasa" katika kipande hiki havibebi kitu, viondoe. "Nika nikamwita" na "ika ikafuka" ni kujikwaa kwa ulimi, acha neno lililokamilika. "Yani" hapa inampa mzee nafasi ya kuvuta pumzi, nayo itoke, ingawa pengine hutangulia ufafanuzi na hapo hubaki, ikiandikwa "yaani". Lakini "eeh" usiiguse kabla ya kutazama swali. Mwulizaji alisema "hukuizima?", na kwetu kuitikia swali la ukanushi ni kukubali ukanushi wenyewe: ni kweli, sikuizima. Wahariri wengine hupenda kufupisha swali liwe "Uliizima?", kisha wanaacha "eeh" ya mzee chini yake. Hapo wamemfanya aseme kinyume kabisa bila kugusa hata neno lake moja. Ukibadilisha swali, jibu nalo lirudie kulitazama.

Maneno ya tahadhari ni kundi jingine ninaloona likifagiliwa pamoja na takataka: labda, nadhani, kama, hivi, mimi sijui. "Labda labda" itoshe kuwa moja, ila hiyo moja ibaki. "Kama saa nne hivi" isiwe "saa nne kamili", wala isigeuzwe kuwa 4:00 au 10:00. Hakusema kama ni asubuhi au usiku, na tarakimu za saa zitamchanganya msomaji. "Mimi kama mimi" nayo si kigugumizi. Anajisemea yeye peke yake, hawasemei wenzake wa zamu.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote ni "alisema aliambiwa isizimwe". Ni sentensi nzito, na mkono unawasha kuifanya "msimamizi alikataza isizimwe". Hesabu waliomo: kuna asiyetajwa aliyetoa amri, kuna msimamizi aliyesema kwamba ameipokea, na kuna fundi aliyemsikia msimamizi. Ukifupisha, umemfuta wa kwanza na kumtwika wa pili amri ambayo fundi hakudai kuwa ni yake. Ngazi zote zibaki. Vivyo hivyo na "-ka-". "Ikapiga kelele, nikamwita" inaeleza kilichofuata kingine, haisemi kimoja kilisababisha kingine, kwa hiyo usiingize "kwa sababu hiyo" ili sentensi ziungane vizuri. "Maana" aliitamka mwenyewe, hiyo ni sababu yake na inabaki.

Ukifuata hayo, na kama rekodi imeonyesha kwamba alitua baada ya "sijui", unapata hiki:

"Eeh. Mimi kama mimi, siku ile sikuizima mashine. Niliiacha, maana yule msimamizi alisema aliambiwa isizimwe. Labda alikosea, mimi sijui. Lakini nadhani ilikuwa kama saa nne hivi, ikapiga kelele. Nikamwita, hakuja. Ilipofika saa tano ndipo ikafuka moshi."

"Ndo" nimeiandika "ndipo" kwa kuwa inarejelea wakati. Kama unataka lahaja yake ionekane, iache "ndo", mradi ufanye hivyo mahojiano yote.

Limebaki moja ambalo rekodi haiwezi kukusaidia. "Alikosea" ni nani? Kiambishi "a-" kinamfaa msimamizi, na kinamfaa vilevile yule aliyemwambia. Usijaze jina kwa kuwa unahisi unajua. Mpigie mzee simu umwulize. Akikujibu, liweke jina hilo ndani ya mabano ya mraba, ili msomaji ajue kwamba halikutamkwa siku ya mahojiano. Asipopatikana, sentensi ibaki na utata wake.